Leja ya michango ya kikoba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu madai, malipo na malimbikizo

Nimekuwa katibu wa kikoba chetu huku Tabata kwa miaka kadhaa. Tuko watu 24, mchango ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na mwisho wa kulipa bila faini ni tarehe 10. Kwa muda mrefu tulitumia daftari la viboksi: majina upande wa kushoto, miezi juu, tiki katikati. Kila kikao nusu saa ya kwanza iliishia kwenye ubishi wa "mimi Februari nililipa" na "hapana, ile ilikuwa ya Machi". Tulipoanza kuandika michango kama bili inayokuja kila mwezi, ubishi ule uliisha. Makatibu wa vikundi jirani wamekuwa wakiniuliza tunafanyaje, na haya ndiyo maswali yao.

Kuandika mchango kama bili ya mwezi maana yake nini hasa?

Fikiria tofauti ya LUKU na bili ya maji. LUKU unanunua kwanza ndipo unatumia. Usiponunua, hakuna deni, kuna giza tu. Bili ya DAWASA inakuja kila mwezi, ulipe usilipe. Usipolipa, mwezi unaofuata unakuta salio la nyuma limeongezwa juu ya bili mpya. Mchango wa kikoba ni wa aina hii ya pili. Mwanachama aliyekubali katiba anadaiwa 30,000 kila tarehe 1, hata kama siku hiyo yuko Mtwara kwenye msiba na simu yake imezimwa.

Kwa hiyo kila mwezi kuna mambo mawili tofauti ya kuandika. La kwanza ni dai, ambalo kikundi kinaliandika kwa kila mtu tarehe 1 bila kusubiri hela. La pili ni malipo, ambayo yanaandikwa siku hela inapoingia, kwa kiasi kilichoingia. Ukitoa malipo kwenye madai unapata salio. Salio likiwa juu ya sifuri mtu anadaiwa, likiwa chini ya sifuri amelipa mbele.

Daftari la viboksi linayabana mambo haya mawili ndani ya mraba mmoja, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Boksi tupu linaweza kuwa na maana nne: hajalipa, alikuwa hajajiunga, alisamehewa, au katibu alisahau kuandika. Ukilitazama baada ya miezi mitano huwezi kujua ni ipi.

Leja iwe na safu zipi?

Sita zinatosha. Tarehe ya kuandika, namba ya mwanachama, aina ya mstari, mwezi husika, kumbukumbu namba ya muamala, na kiasi. Aina ni tatu tu: DAI, FAINI na MALIPO. Madai na faini yanaandikwa kama namba chanya, malipo yanaandikwa na alama ya kutoa mbele. Kila tukio ni mstari mmoja unaoongezwa chini ya mwingine. Hakuna mstari unaofutwa wala kubadilishwa.

Kitu kimoja kinawashangaza wengi: safu ya mwezi husika inajazwa kwa DAI peke yake. Kwenye MALIPO inaachwa wazi. Mwezi ni mali ya dai. Hela inayoingia haina mwezi, ina tarehe iliyoingia basi. Nikimwambia katibu mgeni jambo moja tu, huwa namwambia hili.

Kama malipo hayana mwezi, nitajuaje mtu amelipia mwezi gani?

Kwa kanuni moja inayotumika kwa wote: hela inaziba deni la zamani kwanza. Mwanachama hachagui, na katibu hachagui. Michango inazibwa kuanzia mwezi wa nyuma kabisa kuja mbele. Michango yote ikiisha, kinachobaki kinalipa faini. Faini zikiisha, kinachobaki ni malipo ya mbele.

Nimfuate mwanachama mmoja, M07, mama anayeuza vitumbua asubuhi Buguruni. Januari alilipa vizuri. Februari mtoto aliugua, hakulipa kitu, akaandikiwa faini ya 2,000. Tarehe 7 Machi alileta 40,000. Tarehe 3 Aprili biashara ilikuwa imemkalia sawa, akaleta 60,000. Leja yake inasomeka hivi:

```
Tarehe      Na.  Aina    Mwezi    Kiasi    Salio
2025-01-01  M07  DAI     Jan     30,000   30,000
2025-01-04  M07  MALIPO         -30,000        0
2025-02-01  M07  DAI     Feb     30,000   30,000
2025-02-11  M07  FAINI            2,000   32,000
2025-03-01  M07  DAI     Mac     30,000   62,000
2025-03-07  M07  MALIPO         -40,000   22,000
2025-04-01  M07  DAI     Apr     30,000   52,000
2025-04-03  M07  MALIPO         -60,000   -8,000
```

Tazama tarehe 7 Machi. Madai ya michango hadi siku hiyo ni 90,000, malipo yote ni 70,000. Anadaiwa mchango wa 20,000 na faini ya 2,000. Hiyo 20,000 ni ya mwezi gani? Kwa kanuni yetu Februari imezibwa yote, na iliyobaki ni sehemu ya Machi. Deni lake lina siku sita tu tangu liandikwe.

Kwenye daftari la zamani, katibu angeweka tiki kwenye Machi, kwa kuwa hela imekuja mwezi Machi, halafu angeandika 10,000 kwa penseli kwenye Februari. Jumla ya deni ni ile ile, 22,000. Lakini sasa linasomeka kama deni la Februari, yaani la tangu mwezi uliopita. Kwetu katiba inasema mwenye deni lililozidi miezi miwili hakopeshwi. Mama yule yule, hela ile ile, anaweza kunyimwa mkopo wa mtaji mwezi Aprili kwa sababu ya mahali penseli ilipotua.

Aprili 60,000 yake ilimaliza michango yote hadi Aprili, ikalipa faini ya 2,000, ikabaki 8,000 mbele. Mei 1 dai jipya likiandikwa atadaiwa 22,000. Hakuna anayehitaji kukumbuka kwamba "ana elfu nane zake", salio limekumbuka.

Kwa nini faini ilipwe mwisho? Katiba yetu inasema faini kwanza.

Katiba yenu ndiyo inayotawala, na mkiamua faini kwanza leja itafuata. Ila angalieni matokeo yake. Mtu ana faini ya 2,000 ya mwezi uliopita, analeta 30,000 ya mwezi huu kwa wakati. Faini ikichukua 2,000, mchango wake unapungua hadi 28,000. Mwezi haujakamilika, anaandikiwa faini nyingine. Mwezi ujao analeta 30,000 tena, na hadithi inajirudia. Mtu analipa mchango kamili kila mwezi na bado anaonekana mdaiwa sugu. Tuliliona hili kwa mwanachama mmoja mwenye nidhamu kuliko wengi wetu, na ndilo lililotufanya tubadilishe katiba.

Pia mchango ni akiba ya mwanachama mwenyewe. Nadhani ni haki hela yake iende kwenye akiba yake kwanza kabla ya adhabu.

Je, kanuni ya deni la zamani kwanza haimfanyi mtu atozwe faini milele?

Inaweza, na hili ni kosa ambalo ni rahisi kulifanya ukiwa na nia njema kabisa. Chukua mtu aliyekosa Februari peke yake. Kuanzia Machi hadi Desemba analeta 30,000 kila tarehe 4. Hela ya Machi inaziba Februari, ya Aprili inaziba Machi, na kuendelea. Ukiuliza tarehe 10 ya kila mwezi, "je, mwezi huu umekamilika?", jibu ni hapana mara kumi mfululizo. Faini ya Februari ukiiongeza, amelipa 22,000 kwa kuchelewesha 30,000 mara moja.

Sisi tulitenganisha maswali. Deni linahesabiwa kwa kanuni ya zamani kwanza. Faini inaangalia kitu kingine: kati ya tarehe 1 na 10, je, ameingiza angalau mchango wa mwezi mmoja? Kama ndiyo, hatozwi faini mwezi huo hata kama bado ana mkia wa nyuma. Na kama hadaiwi mchango wowote, kwa mfano alilipa mbele, hatozwi hata kama hakuleta kitu. Ndiyo maana M07 hakutozwa Machi: alileta 40,000 tarehe 7.

Mkia wenyewe hausamehewi. Unaonekana kwenye ripoti ya malimbikizo kila mwezi, na kikao kinaweza kumpangia mtu amalizie kwa mafungu. Kuwa na deni na kutoleta hela mwezi huu ni mambo mawili.

Fomula za kwenye kompyuta ni zipi?

Ni mbili za msingi, zinafanya kazi kwenye Excel na Google Sheets. Karatasi yenye mistari yote iite `Leja`, safu zikienda A hadi F kwa mpangilio niliotaja: tarehe, mwanachama, aina, mwezi, kumbukumbu, kiasi. Kwenye karatasi ya pili weka namba za wanachama kuanzia A2. Salio la kila mtu ni hili:

```
=SUMIF(Leja!B:B,A2,Leja!F:F)
```

Ya pili inatoa mchango ambao haujalipwa kwa miezi yote hadi mwezi utakaoutaja kwenye H1:

```
=MAX(0,
 SUMIFS(Leja!F:F,Leja!B:B,A2,Leja!C:C,"DAI",Leja!D:D,"<="&$H$1)
 +SUMIFS(Leja!F:F,Leja!B:B,A2,Leja!C:C,"MALIPO"))
```

Inachukua madai hadi mwezi huo, inatoa malipo yote yaliyowahi kuingia, na ikifika chini ya sifuri inasimama kwenye sifuri. Kanuni ya zamani kwanza imejificha humo: kama malipo yote ya mtu yanatosha kufunika madai hadi Februari, basi hakuna deni la Februari wala la nyuma yake, na huna haja ya kugawa hela boksi kwa boksi. Kwa M07 siku ya tarehe 7 Machi, H1 ikiwa 2025-02-01 jibu ni sifuri. Ikiwa 2025-03-01 jibu ni 20,000.

Ndani ya karatasi ya leja, safu D iandikwe kama tarehe 1 ya mwezi, mfano 2025-02-01, siyo neno "Feb". Kwenye mfano wa juu nimeandika majina ya miezi ili isomeke kwa urahisi, lakini fomula inalinganisha tarehe. Kompyuta nyingine zinataka alama ya `;` badala ya mkato kati ya vipande vya fomula.

Fomula inatoa sifuri au namba ya ajabu. Nianzie wapi?

Mara nyingi nimekuta sababu tatu. Ya kwanza ni mazoea yetu ya kuandika 30,000/= kwenye kiasi. Ile alama ya mwisho inaifanya kompyuta ione maneno, na haitaijumlisha. Utaijua kwa macho: namba halisi zinaegemea kulia mwa boksi, maneno yanaegemea kushoto.

Ya pili ni tarehe. Ukiandika 05/03/2025 ukimaanisha tarehe 5 Machi, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani inaelewa Mei 3. Deni linaonekana changa kuliko lilivyo na hakuna anayeshtuka. Anza na mwaka, mwezi, kisha siku.

Ya tatu ni malipo yaliyoandikwa bila alama ya kutoa. Badala ya deni kupungua, limeongezeka. Hii utaikamata kwenye kulinganisha na taarifa ya simu, ambako nakuja sasa hivi.

Hela zinaingia kwa M-Pesa, Airtel Money na nyingine mkononi. Nazithibitishaje?

Andika malipo pale hela inapoonekana kwenye laini au akaunti ya kikundi, siyo pale mwanachama anapotuma picha ya meseji kwenye WhatsApp. Picha inaweza kuwa ya muamala wa mwezi uliopita, inaweza kuwa ya namba iliyokosewa, na meseji ya kughushi haihitaji ufundi mkubwa. Mwambie tu kwa upole, "Dada, nimeiona meseji, nasubiri ionekane kwetu," halafu ikionekana mtumie salio lake jipya.

Safu ya kumbukumbu jaza namba iliyo kwenye meseji ya simu ya kikundi, kwa sababu hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye taarifa ya miamala. Hela taslimu za kwenye kikao zipewe namba ya risiti ya kitabu. Kisha weka safu moja ya pembeni yenye

```
=COUNTIF(E:E,E2)>1
```

kwenye mistari yenye kumbukumbu namba. Popote itakaposema TRUE, muamala mmoja umeandikwa mara mbili. Kwetu ilitokea pale mimi na mweka hazina tulipoandika wote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake hajaandika.

Mwisho wa mwezi jumlisha MALIPO yote ya mwezi huo na ulinganishe na hela zilizoingia kwenye laini, akaunti na sanduku. Zikitofautiana, tofauti yenyewe mara nyingi inakunong'oneza kosa liko wapi. Tofauti ya 30,000 kamili inaelekeza kwenye mchango mmoja ulioachwa au ulioandikwa mara mbili. Tofauti ya 60,000 yaweza kuwa 30,000 iliyokosa alama ya kutoa, kwa kuwa imeharibu pande zote mbili. Tofauti inayogawanyika kwa 9, kama 9,000, inanifanya nitafute tarakimu zilizogeuzwa: 45,000 iliyoandikwa 54,000.

Hela imeingia na jina silijui. Niiweke kwa nani?

Hii ni ya kila mwezi hapa mjini. Mama ametuma kwa simu ya mumewe, au amemwachia wakala hela na wakala ametuma kwa laini yake. Usibahatishe, na usiiache nje ya leja, maana ukiiacha jumla haitalingana na simu. Fungua mwanachama wa bandia, M00, na uiandike MALIPO kwa M00.

Mwenyewe akijitokeza, unaandika mistari miwili siku hiyo: MALIPO ya 30,000 chanya kwa M00, kuiondoa pale, na MALIPO ya 30,000 yenye alama ya kutoa kwa mwenyewe. Jumla ya leja haibadiliki hata shilingi. Kwenye kumbukumbu ya mistari hiyo andika "hamisho nje" kwa M00 na "hamisho ndani" kwa mwenyewe, pamoja na namba ya mwanachama huyo na ya kikao au ujumbe uliothibitisha, siyo namba ya muamala ile ile, vinginevyo kile kichungi cha marudio kitapiga kelele. Na kama faini ilishaandikwa kimakosa katikati, iandikie FAINI hasi ya kiasi hicho hicho.

Salio la M00 lisomwe kila kikao. Likizidi kukua, kuna watu wanaoonekana wadaiwa huku hela yao imelala kwetu.

Makato ya kutolea ni ya nani?

Hili mliamue kikaoni, na mliandike. Kama mnawataka wanachama watume na ya kutolea, basi kwenye leja unaandika 30,000 tu kama malipo, na ile ya kutolea inakwenda kwenye kitabu cha gharama. Ukiiandika yote kama malipo, kila mtu baada ya mwaka atakuwa na salio la mbele la maelfu kadhaa ambalo haliko mahali popote, kwa sababu limeliwa na makato. Ukiandika 30,000 tu, kumbuka kuongeza hiyo ya kutolea unapolinganisha na taarifa ya simu.

Nimekosea mstari. Kwa nini nisiufute tu?

Kwa sababu mwanachama alishaona salio la zamani. Ulimwambia anadaiwa 22,000, leo leja inasema 52,000, na hakuna alama yoyote ya kilichotokea katikati. Hata kama wewe ni mwaminifu, huna cha kumwonyesha.

Andika mstari wa kubatilisha: aina ile ile, kiasi kile kile, alama kinyume, na sababu. Kisha andika mstari sahihi. Ukibatilisha DAI, weka mwezi husika ule ule wa dai la awali, ili ile fomula ya pili iliondoe kwenye mwezi wake na siyo kwenye mwezi wa leo.

Msamaha unaandikwa vivyo hivyo. Mwanachama akifiwa na kikao kikaamua asidaiwe mwezi huo, dai linabaki, na chini yake linakuja DAI hasi la 30,000 lenye tarehe ya kikao kilichoamua. Miaka miwili baadaye mtu akiuliza kwa nini fulani hakulipa Julai, jibu lipo na halimvunjii mtu heshima.

Anayejiunga katikati ya mwaka na anayetoka?

Anayejiunga anaanza kuandikiwa madai mwezi anaoanza, basi. Kama katiba inamtaka alipe ya nyuma ili alingane na wenzake, andika dai moja lenye mwezi aliojiunga, lisije likaonekana deni kongwe la mtu ambaye hakuwepo. Anayetoka, unaacha kumwandikia madai kuanzia mwezi unaofuata barua yake. Usiondoe mistari yake.

Tuna daftari la miaka mitatu. Tulihamishe lote?

Hapana. Mtafukua ubishi wote wa zamani na hamtamaliza. Chagueni tarehe moja, kila mwanachama akubaliane na katibu salio lake la siku hiyo, aweke sahihi, na leja ianze hapo. Anayedaiwa 50,000 ya miezi miwili aandikiwe madai mawili, 20,000 ya mwezi wa nyuma zaidi na 30,000 ya unaofuata, ili umri wa deni usipotee. Aliyelipa mbele aandikiwe MALIPO. Daftari la zamani litunzwe.

Hatuna kompyuta. Je, kaunta buku inatosha?

Inatosha kabisa. Mpe kila mwanachama ukurasa wake, piga safu tano: tarehe, maelezo, dai, malipo, salio. Tarehe 1 unapita kurasa zote 24 ukiandika dai. Ni kazi ya dakika ishirini. Kujua umri wa deni bila fomula, chukua salio la michango na uhesabu kurudi nyuma: anayedaiwa 70,000 kwa mchango wa 30,000 anadaiwa mwezi huu wote, uliopita wote, na 10,000 ya mwezi wa kabla ya huo. Faini iweke pembeni unapohesabu.

Orodha ya wadaiwa niiweke kwenye kundi la WhatsApp?

Mimi siweki. Kikaoni tunasoma masalio yote, ya wenye deni na ya waliolipa mbele, kwa sababu kila mmoja ana haki ya kujua hali ya mfuko wao. Kwenye simu, meseji ile inafika kwa shemeji, kwa jirani, kwa mtoto anayechezea simu. Kila tarehe 2 natuma kwa kila mtu peke yake, hata kwa asiyedaiwa:

"Shikamoo mama. Kikoba, Mei. Salio la nyuma: umelipa mbele 8,000. Dai la Mei: 30,000. Unadaiwa: 22,000. Mwisho tarehe 10. Kama kuna kosa naomba unijulishe kabla ya kikao."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa. Makosa yangu mengi yamegunduliwa na wanachama wenyewe kabla ya kikao, kwa utulivu.

Mikopo nayo iingie humu?

Iwe na leja yake. Rejesho la mkopo likichanganywa na mchango, kanuni ya zamani kwanza itaanza kulipa mchango kwa hela ya mkopo. Mtu akituma 80,000 ya vyote viwili, muulize mgawanyo kisha andika mstari mmoja kila leja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi vyetu kwenye daraja la nne, na afisa maendeleo ya jamii akiomba kumbukumbu, leja mbili zilizotengana zinasomeka kwa urahisi.

Wakati wa kuvunja kikoba, malimbikizo yanakatwaje?

Hapa watu huumizwa bila mtu kukusudia. Chukua M12, ambaye mwaka mzima ameandikiwa madai ya 360,000, amelipa 330,000, na ana faini moja ya 2,000. Salio lake ni 32,000. Kamati inamhesabia akiba aliyoweka, 330,000, halafu mtu anasema, "Anadaiwa 32,000, kata." Anabaki na 298,000.

Hiyo 30,000 imekatwa mara mbili. Hakuiweka, kwa hiyo haikuwamo kwenye 330,000 tangu mwanzo. Huwezi kumtoa kitu ambacho hukumpa. Kinachokatwa ni faini tu, anapata 328,000 pamoja na sehemu yake ya faida. Njia nyingine inayofika mahali pale pale ni kuanza na madai, 360,000, ukatoa salio lote la 32,000. Chagueni moja. Kuanza na malipo na kutoa salio lote ni kuchanganya njia mbili.

Kwa yeyote, akiba ni kile kilicho kidogo kati ya madai yake na malipo yake. Aliyelipa mbele, ile ya ziada baada ya faini anarudishiwa kama ilivyo, haiingii kwenye hesabu ya faida isipokuwa katiba imesema. Baada ya hapo kila salio linafungwa kwa mstari wake hadi lisome sifuri, na tarehe 1 ya mzunguko mpya madai 24 yanaandikwa upya.